Kuandika ufafanuzi wa kesi ya kijana mwenye sonona inayojirudia na utoto mgumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa matabibu, wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na wanafunzi wa saikolojia walio kwenye mafunzo ya vitendo katika kliniki za afya ya akili za Moshi na Arusha. Maswali ni yale yanayorudi kila kundi jipya linapoingia. Mgonjwa tunayemtumia humu, E., ametungwa kwa ajili ya kufundishia. Si mtu halisi, ila hakuna kitu chake ambacho hutakikuta kliniki.

Ufafanuzi wa kesi una tofauti gani na historia ya mgonjwa?

Historia inasema nini kilitokea na lini. Utambuzi unataja ugonjwa. Ufafanuzi wa kesi unajibu kitu kingine: kwa nini mtu huyu, kwa namna hii, wakati huu, na kwa nini bado hajatoka. Ni aya chache za hoja, na hoja inaweza kuwa na makosa. Ndiyo maana unaandika "inaelekea" na "huenda" bila aibu.

Kuupanga kwa mwili, nafsi na jamii kulipata jina mwaka 1977, daktari Mmarekani George Engel alipoandika kwamba tiba inayotazama mwili peke yake inaacha nje mambo yanayoamua nani aumwe na nani apone. Baadaye walimu wakaongeza mpangilio wa pili, wa muda: vilivyomweka mtu kwenye hatari, vilivyochochea, vinavyoendeleza, na vinavyomlinda. Wanafunzi wengi huzikutanisha hizo mbili kwenye jedwali la visanduku kumi na viwili, wakajaza kila kisanduku, wakakabidhi. Jedwali ni zuri kwa kukukumbusha ulichosahau kuuliza. Lakini visanduku havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe, na kazi yote iko kwenye mazungumzo hayo.

E. ni nani?

Ni kijana wa miaka 24, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, amepanga chumba Pasua, Moshi. Amekuja kliniki mwishoni mwa Mei 2024. Kwa wiki nane hivi hana nguvu, hana hamu ya chochote, anaamka saa kumi alfajiri na halali tena, na suruali zimeanza kumlegea. Yeye mwenyewe hakusema ana huzuni. Alisema "mawazo mengi" na "mwili umechoka", na kabla ya kufika kwetu alishapimwa malaria mara mbili na kupewa dawa za vidonda vya tumbo. Kwenye dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 na alama 0 hadi 27, amepata 17.

Mama yake aliondoka nyumbani E. akiwa na miaka 6. Baba alikuwa mlevi, kwa hiyo akalelewa na bibi, Kibosho. Bibi alifariki E. akiwa na miaka 15, ndipo akachukuliwa na baba yake mdogo, Arusha. Huko aliitwa mzigo, alipigwa kwa waya wa umeme, na kuna siku alinyimwa chakula. Akiwa na miaka 16 aliacha kula na kuzungumza kwa karibu miezi mitatu. Alipata nafuu dada yake alipomleta Moshi kuishi naye, akamaliza kidato cha nne. Mwaka 2020, utalii uliposimama dunia nzima, aliumwa tena, na usiku mmoja akameza vidonge vingi. Aliamka kesho yake mchana na hakumwambia mtu. Kazi iliporudi mwaka uliofuata naye alirudi, na kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa mzima kabisa.

Safari hii ilianza mwishoni mwa Machi. Kiongozi wa msafara aliyekuwa akimchukua kila mara hakumweka kwenye orodha ya safari ya mwisho kabla ya masika.

Nianze na utoto wake, si ndiyo?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudi kuliko yote. Ukianza na utoto utakuta kila kitu kimeshaelezwa kabla hujafika Machi: aliteswa, ndiyo maana ana sonona. Lakini hata mwaka 2022 E. alikuwa mtu aliyeteswa utotoni, kwa maana kwamba historia yake ilikuwa ileile, na mwaka huo hakuumwa. Jambo lililokuwepo alipokuwa mzima haliwezi peke yake kueleza kwa nini sasa ni mgonjwa.

Anza na kipindi hiki, urudi nyuma. Chora mstari wa maisha kwenye karatasi pamoja naye, umri chini, matukio juu, kisha weka alama vipindi vitatu vya ugonjwa. Halafu uliza kuhusu nafasi zilizo katikati: nini kilikuwa tofauti ulipokuwa mzima? Kwa E. jibu lilitoka haraka. Kila alipopona alikuwa na watu waliomhitaji na kazi iliyomtoa ndani asubuhi. Kila alipoumwa alikuwa ametoka tu kuachwa, au kuamini kwamba ameachwa.

Mstari huo unakuthibitishia pia kwamba ni sonona inayojirudia. ICD-11 inataka angalau vipindi viwili vilivyotenganishwa na miezi kadhaa ya afya. Mtu ambaye hajawahi kutoka ana hali nyingine, na ufafanuzi wake utakuwa mwingine.

Nini kihakikishwe kabla ya kuandika?

Kwanza, wazimu wa furaha. Sonona inayojirudia iliyoanza mapema ni sababu tosha ya kuuliza kama kuna siku alilala kwa saa mbili tatu tu bila kuchoka, akaongea bila breki, akatumia pesa asizokuwa nazo. Muulize na dada yake, maana mwenyewe anaweza kuzikumbuka siku hizo kama siku nzuri tu. Hili likikupita, dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu.

Pili, pombe: ilianza kabla ya sonona au baada? Tatu, mwili: wingi wa damu, VVU kwa ridhaa yake, tezi ya shingo kama dalili zinaelekeza huko, na kama aliwahi kuumia kichwa. Kwa mtu aliyepigwa utotoni na anayepanda bodaboda kila siku, swali la kichwa si la kujaza fomu. Kwa E. vyote vilitoka salama, isipokuwa pombe.

Nitauliza vipi kuhusu madhila ya utotoni bila kumuumiza?

Uliza mkiwa peke yenu, baada ya kuzungumza mambo mengine, na mwambie mapema kwamba anaweza kukataa kujibu. Swali linalofungua mlango ni la kawaida tu: "Kaka, nyumbani ulikokulia, mtu akikosea ilikuwaje?" Halafu: "Ukiumia au ukiogopa, ulikuwa unamkimbilia nani?" Hilo la pili linakupa mengi kuliko orodha ya mateso, kwa sababu maumivu yaliyopata mfariji na yale yasiyompata hayaachi alama ileile.

Huhitaji undani. Unahitaji kujua aina ya tukio, umri, muda, nani alifanya, nani alijua, na mtoto alijiambia nini kuhusu sababu yake. Akianza kutetemeka au kutazama mbali kama hayupo, simama, mrudishe chumbani: kiti, miguu sakafuni, sauti za nje. Uliza na wanaume kuhusu ukatili wa kingono. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta kwamba karibu mvulana 1 kati ya 7 alishafanyiwa kabla ya kufika miaka 18, na ni wachache wanaosema bila kuulizwa.

Kulelewa na bibi ni madhila?

Si lazima. Huku kwetu mtoto kupelekwa kwa bibi, kwa shangazi au kwa mama mkubwa ni jambo la kila siku, na wengi walikula huko upendo wote walioupata maishani. Nimesoma mafaili ambayo mwanafunzi ameandika "alitelekezwa kwa bibi" huku mgonjwa akilitaja jina la bibi huyo na uso unang'aa. Kwa E., Kibosho palikuwa mahali salama. Madhila yake yalikuwa mawili: mama kuondoka bila maelezo, na ile miaka ya Arusha. Bibi yuko upande wa vinavyomlinda, na kifo chake kiko upande wa hasara.

Na viboko je? Utafiti uleule ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikutana na ukatili wa kimwili utotoni. Robo tatu hao hawana sonona wote. Hii haipunguzi ubaya wa kipigo. Inakulazimisha tu useme zaidi ya "alipigwa": kwa nini, kilikuja bila kutabirika au la, kiliambatana na maneno gani, na nani alisimama upande wa mtoto.

Nihesabu alama za madhila?

Unaweza, kwa ajili ya kukumbuka kuuliza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba aina za madhila zikiongezeka, na uwezekano wa magonjwa mengi ukubwani huongezeka. Hiyo ni picha ya maelfu ya watu. Ukiandika "alama 5" kwenye ufafanuzi wa mtu mmoja hujaeleza chochote.

Basi utoto unafikaje kwenye sonona ya leo?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Andika njia ambayo jambo la jana limepita hadi kufika leo, na uichague kwa ushahidi ulio nao mbele yako.

Njia ya kwanza ni imani. Mtoto wa miaka 6 ambaye mama ameondoka bila neno hatafuti sababu kwenye ndoa ya wazazi. Anajitazama yeye. Kisha akiwa na miaka 15 anaambiwa waziwazi kwamba ni mzigo. E. amesema mwenyewe kwenye kikao cha pili: "Mimi watu wakinizoea wananichoka." Hiyo ndiyo imani ya msingi, kwa maneno yake, na unaiandika kwa maneno yake. "Ana taswira hasi ya nafsi" inaweza kuandikwa kwa nusu ya wagonjwa wa siku hiyo.

Njia ya pili ni kanuni alizojiwekea ili aishi na imani hiyo. E. haombi msaada. Anajitolea kubeba mzigo wa mwenzake hata kabla hajaombwa. Akihisi mtu amepoa kidogo, anajitenga mapema ili asiwe yeye anayeachwa. Kanuni hizi zilimsaidia kule Arusha: mtoto asiyeomba hakupigwa sana. Mlimani pia zimemjengea jina zuri kati ya wagumu, kama wapagazi wanavyoitana. Usiziandike kama kasoro. Andika zilimsaidia wapi, na wapi zinamgharimu.

Njia ya tatu ni mwili. Msongo mkali na wa muda mrefu utotoni unahusishwa na mabadiliko katika mfumo wa homoni za msongo, ule unaounganisha ubongo na tezi za adrenali, ili mtu mzima aitikie tishio dogo kwa nguvu au kwa muda mrefu. Ni kweli kwa makundi, lakini majibu ya tafiti hayaendi upande mmoja, na E. hukumpima. Kwa hiyo andika "huenda umeongeza wepesi wa mwili wake kuitikia msongo", uishie hapo. Nikiona "kotisoli yake imepanda" kwenye faili, nauliza maabara gani.

Kuna na njia ya kurithi, isiyopitia madhila. Dada yake anasema mama "aliugua mawazo" baada ya kila uzazi, na mjomba mmoja alikunywa sumu. Ukiiacha hii nje kwa sababu hadithi ya mateso ina uzito zaidi, unadanganya. Tena huenda mama aliondoka akiwa mgonjwa, na hapo urithi na madhila ni kitu kimoja kilichoingia kwa milango miwili.

Kichochezi chenyewe mbona kidogo? Kukosa safari moja tu?

Swali zuri, na lina majibu mawili yanayoweza kuwa kweli pamoja. Watafiti wa sonona wameona kwamba kipindi cha kwanza mara nyingi hutanguliwa na pigo kubwa, na vinavyofuata huhitaji pigo dogo zaidi na zaidi. Kwa E. mteremko unaonekana: kwanza kifo cha bibi na mateso, kisha kazi yote kusimama, sasa jina moja kwenye orodha.

Jibu la pili ni maana. Kwa mpagazi mwingine, kuachwa kwenye orodha ni hasara ya mshahara na bakshishi ya safari moja. Kwa mtu anayeamini kwamba watu wakimzoea wanamchoka, kuachwa na kiongozi aliyemzoea kwa miaka miwili ni ushahidi. Hakuuliza kwa nini. Hakumpigia simu. Kanuni yake haimruhusu. Kiongozi naye, kama dada alivyokuja kugundua, alikuwa amepunguziwa idadi ya wageni akapunguza watu wanne.

Kichochezi kiandikwe pamoja na maana yake, katika sentensi moja. Vikitengana, msomaji anaona kijana aliyeanguka kwa jambo dogo.

Kwa nini hajapona mwenyewe, mbona mwaka 2021 alipona?

Wanafunzi huupa utoto kurasa mbili na swali hili mistari miwili. Ingekuwa kinyume, kwa sababu utoto huwezi kuubadilisha ila kinachoendeleza unaweza kukigusa Jumatatu.

Fuatilia siku yake saa kwa saa. E. anaamka saa kumi alfajiri, anawaza hadi kunakucha. Masika hii hana safari, kwa hiyo hana pa kwenda. Mchana analala, ili asikutane na mwenye nyumba, maana kodi imechelewa. Simu za wenzake hapokei. Wenzake wakapiga mara tatu, wakaacha, naye akahesabu hilo kama ushahidi mwingine. Jioni anakunywa pombe kali ili apate usingizi. Pombe inamlaza mapema na kumwamsha mapema. Mwezi wa Aprili alikopa kwa wale wa kausha damu, na sasa riba ya kila wiki inampa sababu nyingine ya kuzima simu.

Ona mduara: kujitenga kunaleta ukimya wa watu, ukimya unathibitisha imani, imani inazidisha kujitenga. Pombe na deni vinausukuma. Mwaka 2021 msimu ulirudi ukauvunja kabla hajakopa. Sasa ana deni, na hata msimu ukianza Juni huenda asiitikie akiitwa.

Kwenye mwili kuna jambo moja la kuendeleza ambalo hupotea: tiba ya zamani. Faili la nyuma linasema "alipewa amitriptilini, hakupata nafuu". Ukimuuliza, ilikuwa miligramu 25 usiku kwa wiki mbili, kisha zikaisha. Hicho ni kipimo cha usingizi au maumivu. Kwa sonona ya mtu mzima kwa kawaida hupandishwa taratibu kufikia 75 hadi 150, na wiki mbili ni chache mno kuhukumu. Andika kwamba tiba haijawahi kujaribiwa ipasavyo. Ukiandika imeshindwa, atakayekufuata atabadilisha mkondo bure.

Vinavyomlinda niandike "ana imani na familia"?

Haitoshi. Imani ipi inafanya nini? E. aliimba besi kwenye kwaya ya usharika hadi Februari, na mwalimu wa kwaya bado anamtumia ujumbe. Dada yake ndiye aliyemtoa Arusha, na ndiye aliyemleta kliniki. Alipona kabisa mara mbili, na hilo ni ushahidi unaoweza kumwonyesha. Amemaliza kidato cha nne, anaandika vizuri, ataweza kujaza karatasi ya shughuli za siku. Kila kimoja kati ya hivi kina mlango kwenye mpango. Kisicho na mlango kiache.

Ndugu wanasema ni laana ya bibi. Naliweka wapi?

Kwenye upande wa jamii, kama lilivyo, bila kubeza na bila kulithibitisha. Uliza: "Wewe mwenyewe unaonaje? Na ukikubaliana nao, nini kinapaswa kufanyika?" Shangazi wa E. anaamini bibi hakufanyiwa ilivyopasa alipozikwa. E. haamini sana, ila inamuuma kwamba yeye, aliyelelewa na bibi, hakuruhusiwa kusafiri kwenda kuzika. Baba mdogo alikuwa ameshamchukua Arusha kabla ya mazishi, akasema nauli ya kurudi hakuna. Hapo umepata huzuni ya msiba ambao haukuliliwa, na hungeipata kwa kuuliza kuhusu dalili.

Hatari ya kujiua ina nafasi yake, au inaandikwa kando?

Vyote viwili. Tathmini ya hatari ina ukurasa wake, lakini ufafanuzi lazima useme ni nini kitampandisha hatari mtu huyu. E. kwenye swali la 9 la PHQ-9 alijibu "siku kadhaa". Anatamani asiamke, hana mpango. Uzito unatoka kwingine: alishameza vidonge mwaka 2020 bila mtu kujua, mjomba alikufa kwa sumu, anakunywa, na tabia yake ni kutoomba msaada. Mtu kama huyu hatakupigia simu hali ikiwa mbaya. Kumwambia "njoo ukizidiwa" ni kumpa kazi ambayo ugonjwa wake unamkataza.

Uliza pia kuhusu njia zilizo karibu. Kwenye kihamba cha familia kuna stoo yenye dawa ya kunyunyizia kahawa, na E. akienda Kibosho hulala chumba cha jirani na stoo hiyo. Na kama ulifikiria amitriptilini, kumbuka kwamba ikimezwa nyingi inaua kwa kuvuruga moyo.

Naomba kuona ufafanuzi wenyewe, ulivyoandikwa.

"E., mwanaume wa miaka 24, mpagazi, ana kipindi cha tatu cha sonona inayojirudia, cha kiwango cha wastani kinachoelekea kuwa kikali, bila dalili za saikosisi. Hakuna historia ya wazimu wa furaha kwa maelezo yake na ya dada yake.

Kipindi hiki kilianza Machi alipoachwa kwenye orodha ya safari na kiongozi aliyemzoea. Alilipokea kama uthibitisho wa imani ya muda mrefu kwamba 'watu wakinizoea wananichoka'. Imani hiyo inaelekea kujengeka mama alipoondoka bila maelezo akiwa na miaka 6, ikakazwa na miaka ya kupigwa na kuitwa mzigo baada ya kifo cha bibi, aliyekuwa mlezi wake wa salama na ambaye hakuruhusiwa kumzika. Ili kuishi alijifunza kutoomba na kujitenga kabla ya kuachwa. Kanuni hizo zilimkinga wakati ule na zimemfanya mfanyakazi anayeheshimika, lakini anapopatwa na hasara zinamkatia msaada. Historia ya familia upande wa mama inaashiria urithi wa sonona, na vipindi viwili vilivyopita huenda vimemfanya aanguke kwa pigo dogo zaidi.

Kinachomzuia kupona sasa ni mduara wa kujitenga na ukimya wa wenzake, katika msimu usio na kazi wala ratiba. Pombe ya usiku inaharibu usingizi, na deni la riba ya wiki linamfanya azime simu. Hajawahi kupata tiba kamili ya dawa wala ya mazungumzo.

Ana dada wa karibu, kwaya inayomtafuta, na vipindi viwili vya kupona kabisa. Hatari ya kujiua ni ya wastani na inaweza kupanda haraka akihisi amekataliwa tena, akiwa amelewa, au akiwa Kibosho karibu na sumu. Hatarajiwi kuomba msaada mwenyewe."

Ni nusu ukurasa. Ikizidi ukurasa mmoja hakuna atakayeisoma zamu ya usiku.

Mpango unatokaje humo?

Kila sentensi ya kinachoendeleza na ya hatari inadai jibu. Hatarajiwi kuomba msaada, kwa hiyo sisi ndio tunampigia, siku iliyopangwa. Dada anafunga stoo na kushika dawa. Fluoksetini miligramu 20 asubuhi, zitolewe chache, aonekane ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa sababu kwa vijana walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa dawa. Akipona haachi. Kwa kipindi cha tatu, chenye historia kama yake, tunazungumza kuhusu kuendelea hadi miaka miwili.

Mazungumzo yanaanza na shughuli ndogo zenye watu ndani yake: mazoezi ya kwaya Jumatano, kisha simu moja kwa kiongozi wa msafara, iliyoandaliwa pamoja. Simu hiyo ni jaribio la imani yake. Deni linaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Msiba wa bibi na miaka ya Arusha vinasubiri hadi alale na apunguze pombe. Kuvifungua wiki ya kwanza kwa mtu anayekunywa ili alale ni haraka isiyo na faida.

Nitajuaje kwamba nimekosea?

Jiandikie mapema nini kingekushangaza. Msimu ukianza, akirudi mlimani, akaelewana na kiongozi wake, na bado anaamka saa kumi na kupungua uzito, basi uzito niliouweka kwenye kuachwa ulikuwa mkubwa mno na mwili nimeupa nafasi ndogo. Pombe ikikoma kwa wiki nne na hali ikanyooka bila kingine kubadilika, ilikuwa na kazi kubwa kuliko nilivyoandika. Wiki ya pili ya dawa akianza kuongea haraka na kulala kwa saa tatu tu bila uchovu, ufafanuzi wote unaanza upya. Pitia wiki ya sita, na weka tarehe kwenye kila toleo.

Nimsomee mgonjwa?

Mwambie kwa mdomo, kwa maneno yake, na umpe nafasi ya kukurekebisha. Kwa E. ilikuwa hivi: "Naona ulijifunza mapema kutomsumbua mtu, na ilikusaidia. Sasa ukiumia unajificha, wenzako wanadhani hutaki kusumbuliwa, nawe unadhani wamekuchoka. Nimekosea wapi?" Akasema: "Kwa kiongozi umepatia. Kwa mama hapana, mama simlaumu." Hiyo ikaingia kwenye toleo la pili, na ikafungua kikao kizima kuhusu ugonjwa wa mama.

Niandike nini kwenye daftari analoondoka nalo?

Utambuzi, dawa, kipimo, tarehe ya kurudi. Basi. Daftari la kliniki linakaa juu ya kabati, linasomwa na mwenye chumba, na kwa E. linaweza kufika mikononi mwa baba mdogo aliyetajwa ndani yake. Ufafanuzi unabaki kwenye faili la kliniki. Jaribio la mwaka 2020, ambalo hata dada halijui, muulize E. kwanza nani aambiwe na kwa maneno gani. Kama usalama wake unalazimisha dada ajue, mwambie E. kabla hujamwambia dada, na akikubali mwite dada aingie, E. aseme mwenyewe ukiwa umekaa pembeni yake.